Konsoli Mbili, Swichi Moja, Intaneti Imezimwa

Tarehe 13 Januari 2022 seva zilizokuwa zikihudumia Halo 3, Halo: Reach na michezo mingine ya familia hiyo kwenye Xbox 360 zilizimwa. Mchezaji aliyezoea kupambana na watu wa mbali akabaki na diski yake, akiwa anaweza kucheza peke yake au kugawana televisheni moja na rafiki. Wengi walidhani mchezo wa wengi kwenye konsoli hiyo umezikwa siku ile. Kumbe ndani ya menyu zilezile limebaki chaguo ambalo halikuguswa, kwa kuwa halikuwahi kutegemea seva ya mtu yeyote. Limeandikwa SYSTEM LINK, na linachohitaji ni konsoli mbili zilizo chumba kimoja na kitu cha kuziunganisha.

Chaguo hilo ni la zamani kuliko mchezo wa mtandaoni wa Xbox wenyewe. Xbox ya kwanza iliingia madukani Marekani tarehe 15 Novemba 2001 ikiwa tayari na tundu la Etheneti mgongoni, lile la kuchomeka waya wa neti. Huduma ya Xbox Live ilikuja Novemba 2002. Katika mwaka huo wa katikati tundu lile lilikuwa hasa la kuunganishia konsoli kwa konsoli, na Halo: Combat Evolved uliruhusu konsoli nne kwa pamoja, wachezaji kumi na sita. Wanafunzi katika mabweni ya vyuo vya Marekani walibeba televisheni zao za chogo, nzito kama gunia la mahindi, wakazipandisha ngazi ili wakutane chumba kimoja usiku kucha. Utaratibu wa kiufundi waliotumia ndio huu tunaoueleza hapa, isipokuwa leo televisheni ni nyembamba na vifaa vya kuunganishia vimeshuka bei.

Nimechagua Xbox 360 na Halo 3 kwa makusudi. Konsoli hiyo ni ya mwaka 2005, kwa hiyo inapatikana iliyokwishatumika, kila toleo lake lina tundu la waya wa neti, na mchezo wenyewe, uliotoka Septemba 2007, hauna haja ya akaunti ya kulipia ili kucheza kwa njia hii. Wasifu wowote uliotengenezwa ndani ya konsoli, hata usiowahi kuonja intaneti, unatosha.

Tuanze na jambo linalowaudhi watu wengi wakilijua wakiwa wamechelewa: diski mbili. Kila konsoli lazima iwe na nakala yake ya mchezo, na diski iwe ndani ya trei, hata kama mchezo umeshanakiliwa kwenye diski ngumu ya konsoli. Konsoli moja haimpelekei mwenzake mchezo. Vilevile kila konsoli inataka televisheni yake. Mwenye kupanga mchezo wa Jumamosi akihesabu vifaa na kusahau nakala ya pili atakuwa amekusanya watu bure. Kabla ya kununua mchezo mwingine wowote kwa ajili hii, geuza kasha na usome mgongoni. Michezo ya Xbox 360 inayokubali njia hii imeandikwa System Link na idadi ya wachezaji, kwa mfano 2-16. Kama maneno hayo hayapo, hakuna waya utakaosaidia, maana uwezo huo unawekwa na watengenezaji wa mchezo.

Kwa sisi tunaonunua vilivyotumika kuna angalizo jingine, la umeme. Adapta kubwa za Xbox 360 zilizouzwa Marekani zimeandikwa volti 100 hadi 127, na soketi zetu zinatoa takriban 230. Soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka. Diski nazo zina kanda: nyingi za soko la Marekani zinakataa kufunguka kwenye konsoli ya soko la Ulaya. Nunua konsoli na diski za kanda moja, utaepuka ubishi na muuzaji.

Sasa swichi. Hii ni kasha dogo la plastiki au bati lenye matundu matano au manane yanayofanana, taa moja kwa kila tundu, na adapta yake ya umeme. Zile za kawaida hazina menyu, hazina nywila, hazina chochote cha kupanga. Ndani yake mna kazi moja. Kila kifaa cha mtandao kina namba yake ya kudumu iliyowekwa kiwandani. Konsoli ya kwanza ikituma ujumbe kupitia tundu la 1, swichi inaikariri namba ya mtumaji na tundu alilotokea. Ya pili ikituma kupitia tundu la 2, nayo inakaririwa. Tangu hapo ujumbe wa moja kwenda kwa nyingine unapelekwa kwenye tundu lake tu, na matundu mengine hayasumbuliwi.

Lakini mwanzoni kabisa konsoli hizi hazijuani. Ndipo unapokuja mwito wa jumla: konsoli inatuma ujumbe mfupi usio na jina la mpokeaji, unaoelekezwa kwa kila aliyepo, kwa anwani ya 255.255.255.255. Swichi ikipokea ujumbe wa namna hiyo inautoa kwenye matundu yote isipokuwa lile ulikotoka. Konsoli ya pili, kama imefungua mchezo uleule na imewekwa kwenye System Link, inausikia na kuujibu. Jina la mchezo ulioandaliwa linatokea kwenye skrini. Kujuana kwao kumekwisha hapo, na hakuna hatua hata moja iliyohitaji kutoka nje ya chumba.

Msomaji makini atauliza: ikiwa ni konsoli mbili tu, kwa nini tusichomeke waya mmoja, ncha huku na ncha huku? Inawezekana. Ila Xbox ya kwanza ilitaka waya maalumu ambao nyuzi zake zimepishanishwa ncha moja, na waya huo leo ni adimu madukani. Ukipitia kwenye swichi, waya wa kawaida unatosha kwa konsoli yoyote, na konsoli ya tatu ikifika mlangoni ina pa kuchomekwa. Mimi napenda swichi kwa sababu nyingine pia: taa zake. Waya wa moja kwa moja ukigoma haukwambii kitu, wakati swichi inakuonyesha ni upande upi uliokufa.

Tena huenda huna haja ya kununua. Ruta ya zamani iliyobaki kabatini baada ya kifurushi kukatwa ina swichi ndani yake. Matundu yake manne ya rangi moja, ambayo mara nyingi yameandikwa LAN, yanafanya kazi hiyohiyo hata kama ruta haina laini wala kifurushi. Chomeka konsoli zote mbili kwenye matundu hayo, wala usitumie lile la pekee lililoandikwa WAN, kwa kuwa hilo limetengwa kwa ajili ya waya wa mtoa huduma.

Tuseme vifaa viko tayari na watu wanane wamekaa. Washa swichi kwanza. Chomeka waya kutoka konsoli ya kwanza hadi tundu la 1, na kutoka ya pili hadi tundu la 2. Washa konsoli. Taa za matundu yote mawili lazima ziwake. Taa isiyowaka ina maana waya haujakaa sawasawa, kile kiklipu cha plastiki kichwani kimevunjika, au waya wenyewe umekatika ndani. Badilisha waya kabla ya kugusa mpangilio wowote. Urefu si tatizo nyumbani, kwa sababu kiwango cha waya huu kinafika mita 100.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kila konsoli, Network Settings, na uchague Wired Network. Konsoli iliyowahi kutumia waifai huenda bado inaitafuta waifai ya nyumba ya jirani. Kwenye Configure Network acha anwani ya IP iwe Automatic. Hapa watu huingiwa na hofu bila sababu. Konsoli inatafuta kifaa cha kugawa anwani, na swichi tupu haigawi. Baada ya kusubiri kidogo bila jibu, konsoli inajipangia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, baada ya kuuliza kama kuna mwenzake anayeitumia. Ukiona namba za namna hiyo kwenye konsoli zote mbili, mambo yako sawa. Ukitumia ruta ya kabatini utaona pengine 192.168, kwa kuwa ruta inagawa. Hiyo pia ni sawa. Kisichofaa ni mchanganyiko: konsoli moja ina anwani iliyoandikwa kwa mkono zamani na mtu wa intaneti, nyingine imejipangia. Hapo kila moja inaiona nyingine kama iko mtaa wa mbali na inatafuta njia ya kupitia isiyokuwepo. Rudisha zote kwenye Automatic.

Usibonyeze jaribio la kuunganisha Xbox Live, na ukibonyeza usishtuke. Litashindwa, na ni lazima lishindwe kwa sababu intaneti haipo.

Ndani ya Halo 3, konsoli ya kwanza inafungua ukumbi wa Custom Games na kubadilisha mtandao kuwa System Link. Hiyo ndiyo mwenyeji. Konsoli ya pili inafungua orodha ya michezo ya System Link, inaiona ya mwenzake, inaingia. Majina ya wachezaji wote yanapangana kwenye ukumbi mmoja. Mwenyeji anachagua ramani na aina ya pambano, na mchezo unaanza.

Sasa nizungumzie kinachogomesha, kwa maana mara nyingi si waya wala anwani. Vijana wawili wa mtaani kwetu waliniita waliposhindwa. Taa zilikuwa zinawaka, zinapepesa, anwani zote zinaanza na 169.254.

"Anko, sisi tumefuata kila kitu," mmoja akaniambia. "Mimi naliona jina lake pale, nikiingia inanitoa."

"Ya kwako imewahi kuwekwa intaneti?"

"Ya kwangu hapana. Yake ndiyo, ilikaa kwa kaka yake mwaka mzima."

Jibu lilikuwa pale. Michezo ya Xbox 360 ilikuwa ikipokea marekebisho kutoka intaneti, mafaili madogo yanayobadilisha mchezo bila kugusa diski. Konsoli ya yule wa pili ilikuwa imepokea marekebisho ya Halo 3, ya mwenzake inasoma diski kama ilivyotoka kiwandani. Kwa macho ya watu ni mchezo mmoja. Kwa konsoli ni matoleo mawili tofauti, na konsoli hazitakubali kucheza pamoja wakati kanuni zao za ndani zinatofautiana. Kwa kuwa hatukuwa na intaneti ya kumpandisha aliye chini, tulimshusha aliye juu. Kwenye konsoli iliyorekebishwa unaingia Settings, System, kisha Storage, unabonyeza Y juu ya kifaa cha kuhifadhia ili kufungua Device Options, na unachagua Clear System Cache. Hatua hiyo inaondoa marekebisho yaliyohifadhiwa, haifuti michezo wala hatua ulizofikia. Baada ya hapo fungua kabrasha la mchezo kwenye hifadhi uone kama kuna faili la marekebisho lililobaki, uliondoe nalo. Wakawasha upya, wakaonana.

Ramani zina tabia inayofanana na hiyo. Diski ya Halo 3 ina ramani 11 za mapambano. Nyingine ziliuzwa baadaye mtandaoni. Mwenyeji akichagua ramani ambayo konsoli ya pili haina, mchezo hauanzi, hata kama ukumbi umejaa na kila mtu anaonekana. Kwa wageni waliokutana kwa mara ya kwanza, baki kwenye zile 11. Valhalla inatosha kabisa kwa timu mbili za watu wanne.

Kuna hitilafu nyingine ambayo hupatikana pale nyaya zinapokuwa nyingi na chumba kina giza. Mtu anachukua waya uliolegea, anachomeka ncha moja kwenye swichi, halafu anaona ncha nyingine inaning'inia na kuichomeka nayo kwenye swichi ileile. Kumbuka kwamba mwito wa jumla unatolewa kwenye matundu yote. Sasa unatoka tundu la 4, unarudi kupitia tundu la 5, unatolewa tena, unarudi tena, na swichi ndogo haina akili ya kuutambua mzunguko huo. Ndani ya sekunde chache imejaa nakala za ujumbe mmoja na haina nafasi ya kitu kingine. Utaijua kwa taa: zote zinapepesa kwa pamoja kwa kasi kubwa, hata kabla mchezo haujaanza. Chomoa waya huo, subiri kidogo, zitatulia.

Wasiwasi wa mwisho ninaousikia ni kasi. Tundu la Xbox 360 ni la megabiti 100 kwa sekunde, na kuna wanaodhani swichi ya gigabiti itafanya mchezo uwe laini zaidi. Haitafanya. Konsoli hazitumiani picha hata kidogo. Kila moja inachora picha zake yenyewe kutoka kwenye diski yake, ndiyo sababu kila mmoja anahitaji nakala. Kinachopita kwenye waya ni habari fupi: mchezaji huyu yuko hapa, ameelekea kule, amefyatua. Ujumbe mkubwa kabisa wa kawaida wa Etheneti, wenye baiti 1500 za habari, unachukua takriban milisekunde 0.12 kuingia kwenye waya wa kasi hiyo. Halo 3 unachora picha 30 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 33. Habari inafika muda mrefu kabla ya picha inayofuata kuchorwa.

Kinachoharibu mchezo wa mtandao kwa kawaida ni safari ndefu, na katika chumba kimoja safari hiyo haipo. System Link ya Xbox 360 yenyewe imejengwa kwa dhana hiyo. Ikiona ujumbe unachukua zaidi ya milisekunde 30 kwenda na kurudi inakataa kuunganisha, na ndiyo maana waliojaribu kuinyoosha ipite kwenye intaneti kwa programu za kompyuta wamekuwa wakihangaika na kizuizi hicho. Kwa hiyo mchezo ukikwamakwama mkiwa chumba kimoja, usiilaumu swichi kwanza. Angalia waya uliobanwa na mguu wa meza, kisha diski yenye mikwaruzo, kisha televisheni yenyewe, kwa sababu televisheni nyingi bapa hupitisha picha kwenye usafishaji unaochelewesha kwa makumi ya milisekunde. Kwenye mipangilio ya picha tafuta hali ya michezo, Game Mode, na uiwashe kwenye televisheni zote mbili. Ikiwashwa moja tu, timu moja inacheza mapema kuliko nyingine, na ugomvi wake hauna mwamuzi.

Konsoli nyingine zina njia zao. Nintendo Switch, kwa mfano, imeficha chaguo hili ndani ya Mario Kart 8 Deluxe: kwenye menyu kuu unashikilia L na R huku ukibonyeza kijiti cha kushoto, na mchezo wa waifai ya karibu unageuka kuwa wa waya. Halo 5 wa mwaka 2015 kwenye Xbox One ulitoka bila uwezo huu kabisa, na bila kugawana skrini, jambo lililowakera mashabiki wa siku nyingi. Soma kasha kwanza.

Mkishaonana, pangeni ukaaji. Halo 3 unaruhusu watu wanne kwa konsoli moja, skrini ikigawanywa, kwa hiyo konsoli mbili zinabeba watu wanane. Wekeni kila timu kwenye konsoli yake na mgeuze televisheni migongo ielekeane, ili timu moja isichungulie skrini ya nyingine. Mwenye konsoli ya tatu akija, anahitaji diski, televisheni na waya mmoja hadi tundu la 3. Anaingia ukumbini kama alivyoingia wa pili, na swichi ya matundu matano itakuwa bado na mawili ya ziada.